Upana wa mpigo: jinsi taima inavyoiambia servo isimame wapi

Servo ni mota yenye mkono unaoweza kuagizwa usimame kwenye pembe fulani. Ukinunua servo ndogo aina ya SG90 kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, utaikuta na nyaya tatu. Wa kahawia ni graundi, mwekundu ni wa volti 5, na wa rangi ya chungwa ni wa ishara. Kinachopita kwenye huo wa mwisho ni muda. Ishara hupanda hadi volti 5, hukaa juu kwa muda mfupi, kisha hushuka, na servo hupima imekaa juu kwa muda gani. Kipimo hicho ndicho kinachoitwa upana wa mpigo, nacho peke yake ndicho kinachoamua mkono wa servo uelekee wapi. Mpigo wa mikrosekunde 1500 huupeleka katikati. Wa 1000 huupeleka upande mmoja na wa 2000 upande wa pili, na kati ya hizo mbili mkono huzunguka takriban digrii 90. Mpigo hurudiwa kila baada ya milisekunde 20, yaani mara 50 kwa sekunde.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu wameshazoea kupunguza mwanga wa taa ya LED kwa PWM, ambako kinachohesabika ni asilimia ya muda ambao umeme umewaka. Servo haijali asilimia. Mpigo wa mikrosekunde 1500 ndani ya milisekunde 20 ni asilimia 7.5, ukiurudia kila milisekunde 15, asilimia inapanda hadi 10, lakini mkono unabaki palepale. Ndiyo maana `analogWrite`, amri ya PWM ya bodi ya Arduino Uno, haifai kazi hii: kwenye pini 9 hurudia takriban mara 490 kwa sekunde, hivyo mzunguko mzima ni kama milisekunde 2 tu, na servo haipati nafasi ya kupumua kati ya mpigo na mpigo.

Sababu iko ndani ya servo yenyewe. Kwenye ekseli ya mkono kumefungwa potenshiometa, yaani kipingamizi kinachobadilika kadiri kinavyozungushwa, ambayo huzunguka pamoja na mkono. Sakiti ya ndani hutumia potenshiometa hiyo kutengeneza mpigo wake, kisha huulinganisha na ule unaoingia. Ukiingia mrefu kuliko wa ndani, mota inasukumwa upande mmoja. Ukiingia mfupi, inasukumwa upande wa pili. Ikikaribiana vya kutosha, mota inasimama. Tofauti ya mikrosekunde chache hupuuzwa kwa makusudi, la sivyo mota ingehangaika mbele na nyuma bila kutulia.

Sasa, nani atengeneze mpigo huo? Unaweza kuipandisha pini, ukasubiri kwa `delayMicroseconds(1500)`, ukaishusha. Itafanya kazi, ila programu nzima imefungwa ikisubiri, na kila mara chipu inapokatizwa ili ishughulikie jambo jingine, mpigo unarefuka kidogo. Servo husoma urefu huo wa ziada kama amri mpya, na mkono unatetemeka. Taima ya ndani ya chipu haina tatizo hilo, kwa kuwa huhesabu na kugeuza pini yenyewe bila kungoja programu.

Uno hutumia chipu ya ATmega328P inayokwenda kwa megahezi 16. Tukiigawa saa hiyo kwa 8, taima inaongeza hesabu moja kila nusu mikrosekunde. Milisekunde 20 zinakuwa hesabu 40000, na mikrosekunde 1500 zinakuwa hesabu 3000. Taima namba 1 ina biti 16, inaweza kuhesabu hadi 65535, kwa hiyo 40000 zinaenea bila shida. Linganisha na taima namba 2, ambayo ina biti 8 na huishia 255. Ili ikaribie milisekunde 20 lazima saa igawanywe kwa 1024, na hapo kila hesabu inachukua mikrosekunde 64. Kati ya 1000 na 2000 zinaenea hesabu kama 16 tu, maana yake mkono utaruka karibu digrii 6 kwa kila hatua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika somo hili: ukichagua taima, umechagua pia mkono wako utakwenda kwa ulaini kiasi gani.

Mpangilio wenyewe ni mfupi. Ishara hutoka pini 9 ya Uno.

```c
DDRB |= (1 << PB1);
TCCR1A = (1 << COM1A1) | (1 << WGM11);
TCCR1B = (1 << WGM13) | (1 << WGM12);
TCNT1 = 0;
ICR1 = 39999;
OCR1A = 2999;
TCCR1B |= (1 << CS11);
```

`ICR1` inasema taima irudi sifuri wapi, na `OCR1A` inasema pini ishuke wapi. Zote zimepunguzwa moja kwa sababu taima huanza kuhesabu kutoka 0. Mstari wa mwisho ndio unaoiwasha saa. Baada ya hapo, kuusogeza mkono ni kuandika namba mpya kwenye `OCR1A`. Namba hiyo haitumiki papo hapo: katika hali hii taima huishikilia hadi mzunguko unaofuata uanze, kwa hiyo huwezi kuukata mpigo katikati.

Tuseme unatengeneza modeli ya kizuizi cha lango la maegesho. Usiamini 1000 na 2000 moja kwa moja, maana servo hazitoki kiwandani zikilingana. Anza na 1500, usogee polepole kwa 10 kila mara, na uangalie mkono. Tuseme ufito umelala sawasawa kwenye mikrosekunde 1080, na umesimama wima kwenye 1960. Zidisha kwa mbili, toa moja: `OCR1A` ni 2159 ukiwa chini na 3919 ukiwa juu. Digrii 90 zimechukua mikrosekunde 880, hivyo digrii moja ni karibu mikrosekunde 10, au hesabu 20. Ukitaka ufito upande taratibu, ongeza hesabu 20 kila milisekunde 20; utafika juu baada ya hatua 88, chini kidogo ya sekunde 2. Ukiandika 3919 kwa mkupuo, mota itaurusha ufito kwa nguvu yake yote, na gia za plastiki ndizo zitakazoumia.

Servo ikivuma mfululizo na kupata joto hali mkono umesimama, kwa kawaida umeiagiza mahali ambapo gia zimegonga ukingo, au mzigo umeielemea. Mota inaendelea kusukuma kwa sababu mipigo miwili haijawahi kulingana. Sogeza namba kuelekea 1500 hadi mvumo ukatike; kama haukatiki, tazama mzigo.

Uno ikijiwasha upya kila ufito unapoanza kusogea, usitafute kosa kwenye taima. Mota inapoanza huvuta mkondo mwingi kwa ghafla, na volti ya bodi inaporomoka. Ipe servo umeme wake wa volti 5, na uunganishe graundi yake na ya Uno. Bila graundi ya pamoja, volti 5 za ishara hazina pa kupimiwa, na mkono utacheza ovyo hata kama namba zako zote ni sahihi.