Je, wajua kwa nini rejesho la mwanzo la mkopo huliwa na riba?

"Kwa nini marejesho yangu ya mwanzo karibu yote ni riba, halafu ya mwisho karibu yote ni deni lenyewe? Ina maana benki inajilipa riba yake kwanza?"

Hapana. Riba ya kila mwezi inatozwa kwenye salio la mwezi huo peke yake. Mwanzoni salio ni kubwa, basi riba nayo ni kubwa. Kwa kuwa rejesho ni kiasi kilekile kila mwezi, kinachobaki cha kupunguza deni ni kidogo.

Tuchukue mkopo wa 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kwa mwezi, unaolipwa kwa miezi 120. Rejesho la kila mwezi ni 14,347.09. Ukitaka kulihakiki kwenye programu ya lahajedwali, andika:

```
=PMT(1%,120,-1000000)
```

Hii hapa mistari minne ya jedwali lake la marejesho:

| Mwezi | Salio la kuanzia | Riba | Msingi |
|---|---|---|---|
| 1 | 1,000,000.00 | 10,000.00 | 4,347.09 |
| 2 | 995,652.91 | 9,956.53 | 4,390.56 |
| 52 | 712,623 | 7,126 | 7,221 |
| 120 | 14,205.04 | 142.05 | 14,205.04 |

Soma mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Zidisha salio kwa asilimia 1, upate riba. Toa riba hiyo kwenye 14,347.09, upate msingi, yaani sehemu inayopunguza deni. Toa msingi kwenye salio, nalo jibu linakuwa salio la mstari unaofuata. Jedwali zima la mistari 120 ni hesabu hiyo moja ikirudiwa.

Ili kuona kinachosukuma namba hizo, fikiria umekodi viti 1,000. Kila kiti kina thamani ya 1,000, na kodi yake ni 10 kwa mwezi. Umekubaliana na mwenye viti kwamba kila mwezi utampa 14,347.09: kwanza inatoka kodi ya viti ambavyo bado ni vyake, na kinachobaki kinanunua viti viwe vyako. Mwezi wa kwanza kodi ni 10,000, kwa hiyo unanunua viti vinne na kipande. Mwezi wa pili viti hivyo havidaiwi kodi tena. Umeokoa 43.47, nayo inakwenda kununua viti zaidi. Angalia jedwali: 4,390.56 ukitoa 4,347.09 ni 43.47 kamili. Mwezi wa tatu unaokoa kodi ya viti vya miezi miwili, na mwendo unaendelea hivyo. Safu ya msingi inakua kwa asilimia 1 kila mwezi bila kukosa, kwa kiwango kilekile cha riba. Mwendo ni wa polepole mno mwanzoni, lakini hausimami, na mwezi wa 52 msingi unaipita riba kwa mara ya kwanza.

Sasa turudi kwenye dhana ya benki kujilipa kwanza, maana imeota mizizi na inawaponza watu. Jumla ya riba ya mkopo huu kwa miaka yote 10 ni takriban 721,651. Wengi huiona kama deni la pili lililokwisha kuandikwa siku ya kusaini, ambalo benki inalikusanya haraka kabla hujaondoka. Lakini ukipata fedha ukaufunga mkopo mara tu baada ya rejesho la kwanza, salio unalodaiwa ni 995,652.91. Zile laki saba hazipo popote, kwa sababu ni kodi ya miezi ambayo hukukaa na fedha za mtu.

Dhana hiyo ina binti yake: "Nimeshafika nusu, riba nimeimaliza, kulipa mapema hakuna faida tena." Baada ya marejesho 60 umetoa takriban 860,825, na salio bado ni takriban 644,974. Inauma, lakini salio hilo linaendelea kutozwa asilimia 1 kila mwezi, sawasawa na la mwanzo. Kila shilingi, dola au faranga unayoipunguza inakuokolea asilimia ileile, iwe mwezi wa pili au wa tisini. Tofauti ni idadi ya miezi iliyobaki ya kuokoa.

Jedwali lenyewe linaonyesha jambo hili vizuri sana. Pamoja na rejesho la kwanza, ongeza 4,390.56, ambao ni msingi wa mstari wa pili. Umeuruka mstari huo mzima: mwezi ujao unalipa mstari wa tatu, na mkopo unaisha mwezi wa 119. Kwa 4,390.56 umelifuta rejesho la mwisho la 14,347.09, na ulichookoa ni 9,956.53, yaani ile riba ya mstari ulioruka.

Hapa ndipo mambo huharibika. Mkopeshaji anaweza kuipokea ziada yako kama malipo ya awali ya rejesho lijalo, akaiweka kando bila kupunguza salio. Kwa hiyo andika wazi kwamba ni ya kupunguza msingi, kisha tazama taarifa ya mwezi unaofuata: riba inapaswa kuwa 9,912.62. Ikisomeka 9,956.53, ziada haijaingia kwenye deni. Soma pia mkataba kama una ada ya kulipa mapema, kwani inaweza kumeza ulichookoa.

Riba haipiti nusu ya rejesho la kwanza katika kila mkopo. Kwa asilimia 1 kwa mwezi, inapita pale tu marejesho yaliyobaki yanapofika 70 au zaidi. Mkopo uleule ukilipwa kwa miezi 24, rejesho ni 47,073 na riba ya kwanza ni 10,000 ileile, sehemu kama ya tano tu. Kinacholifanya rejesho la mwanzo liliwe na riba ni urefu wa muda: kadiri unavyotaka rejesho dogo, ndivyo linavyoikaribia ile 10,000 ya kodi, na ukilipa 10,000 kamili deni halipungui kamwe.

Na kuna mikopo ambayo haifuati jedwali hili. Katika riba isiyopungua, riba inapigwa kwenye mkopo wa awali hadi mwisho, hata ukiwa umeshalipa sehemu kubwa. Katika kanuni iitwayo ya 78, riba kweli hurundikwa mwanzoni: kwenye mkopo wa miezi 12, mwezi wa kwanza hubebeshwa sehemu 12 kati ya 78 za riba yote, wa pili 11, hadi wa mwisho 1. Hapo tuhuma ya benki kujilipa kwanza ina msingi.

Kuzitambua, chukua mistari mitatu ya jedwali, wa mwanzo, wa katikati na wa karibu na mwisho, ugawe riba kwa salio la kuanzia. Kwenye salio linalopungua, majibu yote matatu yanalingana, yakipishana kidogo tu kama riba inahesabiwa kwa siku na miezi ina siku 28 au 31. Kwenye riba isiyopungua, jibu linapanda mstari kwa mstari huku safu ya riba ikibaki namba moja. Kwenye kanuni ya 78 safu ya riba inashuka kwa hatua zilizo sawa kabisa, ilhali kwenye salio linalopungua kila hatua ni kubwa kidogo kuliko iliyotangulia: 43.47, kisha 43.91.