Ndoano ya tani 1 haibebi tani 5

“Si imeandikwa tani 1 na namba ya usalama ni 5? Basi nikiinua injini ya tani 3 nina akiba ya kutosha.” Kauli hii nimeisikia kwa wenye karakana hadi nimeichoka, na wanaoitoa si wajinga. Wanaichukulia namba ya usalama kama mzigo wa ziada uliowekwa benki. Sivyo. Namba hiyo ni uwiano tu, na kabla hujaitumia muulize aliyeitaja: umegawanya nini kwa nini?

Tuchukue ndoano ya mfano, ya kuhesabia tu. Fimbo yake ni ya duara yenye kipenyo cha milimita 30, na nusukipenyo cha ndani cha tumbo, yaani mkunjo unaobeba mzigo, ni milimita 20. Mzigo ni tani 1, yaani takriban nyutoni 10,000. Chuma chake huanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 400, na hukatika kwenye 650.

Fundi wa kwanza anagawanya mzigo kwa eneo la fimbo. Anapata megapaskali 14, kisha anatangaza namba ya usalama ya 28. Wa pili anakumbuka kwamba mzigo hauning'inii katikati ya fimbo, uko pembeni kwa milimita 35, kwa hiyo unaipinda. Akiihesabu kama boriti iliyonyooka anapata 146. Lakini ndoano haijanyooka! Katika boriti iliyopinda mkazo hujazana upande wa ndani wa tumbo, na hesabu sahihi inatoa megapaskali 209 hapo. Kwa hiyo namba ya kweli ni 3.1 ukilinganisha na kukatika, na 1.9 tu ukilinganisha na kuanza kupinda.

Ndiyo maana mwenye tani 3 anajidanganya. Kwa ndoano hii, karibu na tani 2 tu ngozi ya ndani ya tumbo inaanza kulegea. Haitakatika siku hiyo. Itafunguka kidogo, mdomo utapanuka, mzigo utasogea kuelekea ncha, mkono wa nguvu, yaani umbali wa mzigo kutoka katikati ya fimbo, utarefuka, na mzigo uleule utaipinda zaidi kesho. Hata ndoano za chuma kilichofuliwa zinazofuata kiwango cha Ulaya cha EN 1677-1, ambazo lazima zistahimili mara 4 ya mzigo wake kabla ya kukatika, hujaribiwa kiwandani kwa mara 2.5 tu. Hiyo 4 ni ya kukatika, haikuahidi kwamba umbo litabaki lilelile njiani.

“Hali kikomo ni ujanja wa kupunguza chuma.” Hapana, hali kikomo ni njia ya kuhesabu inayouliza maswali kadhaa pale ambapo njia ya zamani, ya mkazo unaoruhusiwa, huuliza moja. Hiyo ya zamani inachukua 400, inagawanya kwa, tuseme, 2, na kusema usivuke 200. Ndoano yetu ina 209, imefeli. Kwa nini 2? Humo mmefichwa mtikisiko wa mzigo, kasoro za chuma na makosa ya hesabu, vyote kwenye kapu moja.

Hali kikomo inavitenganisha. Mzigo unazidishwa kwa mtikisiko wa 1.2 na shaka ya uzito ya 1.35, mkazo unafika 339. Nguvu ya chuma, ile 400, inagawanywa kwa 1.1, inabaki 364. Imepita. Sasa badilisha winchi iwe ya kushtua mzigo, mtikisiko uwe 1.5: mkazo unapanda hadi 423, ndoano imefeli. Namba 2 isingeona tofauti ya winchi hizo mbili. Kisha kukatika, na uchovu wa chuma unaotokana na kuinua mara nyingi, vinahesabiwa peke yake. (Namba hizi ni za mfano, kwa ndoano halisi fuata kiwango cha Ulaya cha EN 13001-3-5, na usichanganye namba za njia moja na mkazo wa njia nyingine. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote.)

Kwa karakana ambayo hakuna anayejua uzito wa kinachoinuliwa, mimi bado nachagua mkazo unaoruhusiwa, na namba kubwa.

“Namba kubwa inafunika ufa.” Haifuniki chochote. Ufa hukua kila ukiinua, na ukiuona ndoano inatoka.

“Ikifunguka, ipashe moto uirudishe.” Moto unaharibu ugumu ambao ndoano ilipewa kiwandani, na hapo 400 yako haipo tena. Piga alama mbili za ponchi, moja shinani na moja karibu na ncha, uandike umbali wake ndoano ikiwa mpya. Mdomo ukipanuka kwa asilimia 5, au tumbo likilika kwa asilimia 10, ikate vipande viwili kabla hujaitupa, maana ndoano nzima iliyotupwa hurudi kazini.