Bruchi ya kizamani yenye sahihi nyuma inamaanisha nini?

Ukipita soko la Toi ama la Gikomba, Nairobi, ukapata ile karai ya urembo uliochanganyika, hereni ziko moja moja, mikufu imeshikana, anza na bruchi, yale mapambo ya kubandika kwa nguo na sindano, na uzigeuze uangalie nyuma, kwa sababu mbele zote zinang'aa. Pambo lenye sahihi ninalozungumzia hapa ni la fasheni tu, si dhahabu wala almasi, ni metali ya kawaida imepakwa goldi na kuwekwa vijiwe vya glasi, lakini kampuni iliyoitengeneza iligonga jina lake nyuma. Watu wanaokusanya vitu vya vintej wanatafuta hilo jina, ila jina peke yake halitoshi, lazima likubaliane na kifungio na ule mpako wa goldi.

Tuchukue Trifari, kampuni ya Amerika ambayo dizaina wake mkubwa alikuwa Alfred Philippe, aliingia mwaka wa 1930. Tuseme umeshika bruchi ya umbo la jani, nyuma imeandikwa TRIFARI na juu ya ile T kuna kataji kadogo. Hiyo taji ilianza kutumika miaka ya thelathini mwishoni, so unajua angalau haijatangulia hapo. Sasa angalia kama kuna alama ya ©. Hii ndio naipenda zaidi ya zote, juu ina historia ya korti ndani yake: mwaka wa 1955 Trifari walishtaki kampuni ingine iliyokopi mapambo yao, na korti ikakubali kwamba hata pambo la fasheni linaweza kulindwa na hakimiliki kama kazi ya sanaa. Baada ya hapo wakaanza kuweka © kwa mapambo yao, so jani lako likiwa nayo, ni la 1955 ama baadaye, hata muuzaji akikuapia ni la wakati wa vita. Likiwa na PAT. PEND., yaani hataza imeombwa lakini bado haijatolewa, bila ©, hapo pengine ni la zamani zaidi. Na ukiona neno STERLING, hiyo ni fedha halisi chini ya goldi, na mara nyingi inaelekeza miaka ya vita ya pili, kwa sababu Amerika metali za kawaida za kutengeneza urembo zilichukuliwa kwa mambo ya vita na kampuni zikahamia fedha.

Alama yenyewe pia isome vizuri, ukiwa na ile lenzi ya fundi wa saa itakusaidia. Herufi ziwe kali na safi. Mtu akikopi bruchi kwa kuchukua umbo la ile ya kwanza, herufi zinatoka butu, zimefura, kama mahindi yaliyochemka sana, na vijiwe vinakaa vimemwagiwa gluu ikapita pembeni.

Halafu kifungio. Bruchi za zamani sana zina kulabu wazi tu yenye umbo la C, sindano inaingia basi. Za katikati ya karne iliyopita, kama hilo jani letu, unategemea kifungio kinachozunguka kikafunga sindano isitoke. Ukipata jina la Trifari na taji lakini kulabu iko wazi, uliza maswali. Angalia kama kuna donge la kuchomelea hapo kifungio kilipokaa: hapo inawezekana kilivunjika kikabadilishwa, bruchi ni ya ukweli lakini bei inashuka. Kwa mikufu, kile kifungio cha umbo la gando la kambakoche kwa kawaida ni cha juzi, miaka ya sabini kuendelea.

Mpako nao unaangaliwa pale panapoguswa, yaani kingo na ncha za jani. Trifari walikuwa wanapaka vizuri kwa hivyo hata baada ya miaka mingi nyuma bado inakuwa laini na rangi moja. Ukiona kijivu kinatokea kingoni, ama ukijani umekaa kando ya vijiwe, goldi imeisha na metali ya chini inaoza, hiyo haifai kununuliwa bei ya mkusanyaji. Na usisugue na Brasso, inatoa goldi iliyobaki! Usiloweke kwa maji pia, vijiwe vina karatasi ya kung'aa nyuma, ikinyonya maji inakuwa nyeusi.

Kuna sahihi ambazo si adimu. Kampuni ya Sarah Coventry waliuza kwa wingi sana kwenye pati za nyumbani, kwa hivyo jina liko lakini vingi vyao bei ni ya chini. Trifari yenyewe, jina lilinunuliwa na kampuni ya nguo ya Liz Claiborne mwaka wa 2000, so kuna vitu vya madukani vya juzi vinasema Trifari. Na kinyume chake, DeLizza & Elster wa New York walitengeneza vitu vizuri sana na vingi havina jina lolote nyuma, hivyo wajuzi wanavitambua kwa muundo na vijiwe, na muuzaji anaweza kukuachia kwa mia mbili kwa sababu haoni chochote kimeandikwa.