Kijiwe cha bodaboda chini ya dirisha: usingizi utapatikanaje?

Nimepanga ghorofa ya kwanza Sinza, dirisha linatazama barabara na chini kuna kijiwe cha bodaboda. Nikifunga dirisha joto linanishinda, nikiliacha wazi nashtuka usiku kucha. Nifanyeje?

Anza na kitanda, maana kukisogeza ni bure. Wengi wetu tunaweka mchago chini ya dirisha kutafuta upepo, na hapo sikio linakuwa hatua moja tu kutoka kelele zinakoingilia. Hamishia mchago ukuta wa upande wa korido, tena pembeni, mahali ambapo ukilala huoni barabara kupitia dirishani. Kusukuma kabati ukutani hakutakusaidia sana, kwa sababu sauti inapita dirishani. Vioo vya luva hata ukivifunga vina mianya.

Halafu tumia feni. Kinachomshtua aliyelala mara nyingi ni honi inayopasua ukimya ghafla. Mvumo usiopanda wala kushuka, kama mvua kwenye bati, hupunguza tofauti hiyo. Weka feni ya kusimama kati ya kitanda na dirisha. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye kando yako akusikie, mvumo umezidi. Ukitumia simu badala ya feni, pakua sauti yenyewe kabla, la sivyo tangazo litakuamsha saa nane usiku. Umeme ukikatika feni huzimika na kelele zote hurudi, na hapo ndipo vizibo vya masikio huwa na kazi.

Vizibo vya sponji ninavyo, lakini vinachomoka na bado nasikia kila kitu.

Huenda unavisukuma vikiwa vinene. Nawa mikono, kisha viringisha kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza, kisha kishikilie kwa sekunde 30 hivi kitanuke. Sasa funika masikio kwa viganja: kelele zikipungua sana, kizibo hakijakaa, kitoe urudie.

Hata kikikaa sawasawa, besi ya baa jirani utaisikia. Sauti nzito hupita kwenye kuta, na sponji huizuia kidogo kuliko honi.

Nikivaa kila usiku nitaharibu masikio?

Kwa kawaida hapana, ila vinaweza kusukuma nta ndani. Sponji ikichafuka au ikikosa kunyumbulika, itupe. Sikio likiuma, likitoa usaha au ukianza kusikia kwa shida, acha kuvaa na umwone daktari. Usichokonoe kwa pamba. Usingizini acha sikio moja wazi kama unalala na mtoto mchanga, na simu ya kukuamsha iwekee mtetemo.