Doa la chunusi si kovu la chunusi

Katika maduka ya vipodozi pale Kariakoo, kijana mwenye uso wa madoadoa akisimama tu mbele ya kaunta, muuzaji anamtolea krimu "ya makovu ya chunusi". Mara nyingi kijana huyo hana kovu hata moja. Mwenzake aliyemsindikiza, mwenye donge moja linalouma kwenye taya na ngozi safi kwingine kote, ndiye aliye njiani kupata kovu la kweli, na yeye anaambiwa ni jipu tu, litapasuka lenyewe.

Chunusi huanzia kwenye kitundu cha unyweleo. Kila kitundu kina tezi ya mafuta pembeni yake, na mwili unapobalehe homoni huiamsha tezi hiyo izalishe mafuta mengi. Yakichanganyika na seli zilizokufa, kitundu kinaziba. Kizibo kikiwa wazi juu kinageuka cheusi. Hivyo ndivyo vidoti vyeusi vya puani, na weusi wake ni rangi ya ngozi na mafuta yaliyokutana na hewa, si uchafu, kwa hiyo kusugua na dodoki hakusaidii. Kizibo kikifunikwa na ngozi, unaona kipele kidogo cheupe au cha rangi ya ngozi. Vizibo hivi havina uvimbe mkali, na visipotumbuliwa, ni nadra kuacha alama. Bakteria waishio humo wakichochea kinga ya mwili, kipele kinavimba, kinauma, pengine kinatunga usaha. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona zaidi weusi au zambarau.

Tatizo linabadilika sura pale ukuta wa kitundu unapopasukia ndani. Mafuta, seli na bakteria vinamwagika kwenye tabaka la chini la ngozi, ambako ndiko nyuzi zinazoishikilia ngozi ziliko. Mwili unapigana na vitu hivyo kwa nguvu na kuziyeyusha nyuzi zake wenyewe katika vita hiyo. Kwa nje unaona kinundu: donge gumu, mara nyingi kubwa kuliko nusu sentimita, lisilo na mdomo, linalouma hata shati likigusa. Wakati mwingine linalainika na kuwa kifuko chenye usaha uliochanganyika na damu. Jipu ni kitu kingine: ni maambukizi ya sehemu moja, hukua kwa siku chache, hupasuka na kupona. Madonge ya chunusi hukaa wiki kadhaa, huja mengine jirani yake, na karibu yake utakuta vidoti vyeusi na vipele vya kawaida.

Sasa kovu. Vita ikiisha, mwili unajenga upya zile nyuzi. Ukijenga pungufu, ngozi inabonyea: tundu jembamba kama la pini, au shimo pana lenye kingo, au mawimbi. Ukijenga kupita kiasi, kovu linanyanyuka, hasa kwenye taya, kifua, mabega na mgongo, na kwetu Waafrika linaweza kuendelea kukua likawa keloidi. Yote mawili ni mabadiliko ya umbo la ngozi, na hakuna krimu ya dukani inayorudisha nyama iliyopotea.

Doa halina uhusiano na nyama. Kipele kinapovimba, seli zinazotengeneza rangi husisimka na kumwaga rangi nyingi kuliko kawaida. Hata kipele kidogo kisicho na hatari kinaweza kuacha doa jeusi sana kwenye ngozi nyeusi. Doa hilo hufifia lenyewe, ila polepole: miezi kadhaa, hata zaidi ya mwaka kama limeingia kina au jua linalipiga kila siku.

Kuvitofautisha hakuhitaji kipimo. Simama ubavu kwa dirisha asubuhi, mwanga uje kutoka upande mmoja. Shimo litakuwa na kivuli, kovu lililonyanyuka pia. Doa halina kivuli. Kisha fumba macho upitishe ncha ya kidole. Kama kidole hakijui alama iko wapi, hilo ni doa.

Nasisitiza hivyo kwa sababu madoa ndiyo yanayowapeleka watoto kwenye mkorogo. Krimu nyingi za "kung'arisha" huwa na steroidi kali kama klobetasoli. Siku za mwanzo uso unalainika kweli, kwa sababu steroidi inatuliza uvimbe. Baadaye ngozi inakonda na vipele vipya vinafumuka kwa pamoja. Unakuwa umeongeza chunusi kwa sababu ya alama ambayo ingeondoka yenyewe.

Chukua mfano wa mvulana wa kidato cha tatu, Mbagala. Paji la uso limejaa vipele vidogo na madoa, kwenye taya ana madonge matatu yenye zaidi ya mwezi. Duka la dawa limemuuzia ampiklox mara mbili, siku tano tano. Yanapungua kidogo, yanarudi. Moja amelitumbua, na pale pamebonyea. Familia yote inatazama paji la uso kwa kuwa ndilo linaloonekana. Daktari ataanzia kwenye taya. Kinundu hakina mdomo, kwa hiyo ukikiminya unasukuma usaha chini zaidi, na lile shimo moja ni ushahidi kwamba ngozi yake inaacha makovu. Hali hiyo peke yake inatosha kumtoa kwenye dawa za kujinunulia.

Kwa paji la uso zinatosha jeli ya benzoili peroksaidi, asilimia 2.5 hadi 5, na adapalini usiku, zikipakwa eneo zima badala ya kudonoa kipele kimoja kimoja, na zikipewa wiki 8 hadi 12. (Ile ya kwanza inababua rangi ya taulo na foronya; tumia nyeupe.) Kwa madonge, daktari huweza kuongeza doksisaiklini kwa takribani miezi mitatu, imezwe na maji ya kutosha na asilale papo hapo, maana inaunguza koo. Isipofaa, au makovu yakiongezeka, kuna isotretinoini, ambayo hupimwa kwa uzito wa mwili na hufuatiliwa kwa vipimo vya damu. Msichana haanzi dawa hiyo bila kuthibitisha kuwa si mjamzito na kujikinga na mimba muda wote anaoitumia, kwani inamlemaza vibaya mtoto tumboni. Haipaswi kununuliwa kwa kuulizia mtaani. Njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya na kuomba rufaa ya kliniki ya ngozi, kama ile ya Muhimbili.

Kuna hali moja isiyosubiri foleni ya rufaa: madonge yakifumuka ghafla na kuwa vidonda, huku kijana ana homa na viungo vinamuuma. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo.

Wazee wanaosema "mwache akue, zitaisha" hawajakosea kuhusu chunusi zenyewe; kwa wengi hupungua baada ya ujana. Wala hawajakosea kuhusu madoa. Kauli hiyo tu haifai kwa madonge ya ndani. Hayo nayo yanaweza kwisha, ila yanapoisha ndipo shimo linapoonekana, na kulisawazisha ni kazi ya daktari yenye gharama, ambayo mara nyingi hupunguza kovu bila kulifuta.