Zamu ya usiku ya saa 12: hesabu inavyokaa kwa mfanyakazi wa usafi Kisumu

Kampuni nyingi za usafi mjini Kisumu hupanga zamu ya usiku kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Mpango huo una saa 72. Wengi hudhani ni haramu moja kwa moja, na waajiri wengi nao hudhani hauna neno. Ukweli uko katikati, tena ni mwembamba.

Agizo la Mishahara la jumla la mwaka 1982, ambalo bado linatumika, linaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 ndani ya siku sita. Anayefanya kazi usiku anawekewa saa 60. Zikizidi hapo ni ovataimu, inayolipwa mara moja na nusu. Hata ovataimu ina ukomo: kwa wiki mbili mfululizo, saa za kawaida na za ziada zikijumlishwa, mfanyakazi wa usiku asipite saa 144, na wa mchana asipite 116.

Sasa zidisha 72 kwa mbili. Unapata 144 kamili. Yaani ratiba ya saa 12 kwa siku sita imegusa dari la sheria bila kubakiza hata dakika, na kila wiki ina saa 12 za ovataimu ambazo lazima zionekane kwenye peislipu. Kwa kawaida ovataimu hiyo ndiyo inayokosekana, kwa sababu msimamizi huziita saa zote 72 "zamu ya kawaida".

Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 22,500 kwa mwezi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, kiwango cha saa hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi kwa 225, kwa hiyo saa moja ni shilingi 100. Ovataimu ni shilingi 150 kwa saa, na saa 12 za wiki zinampa shilingi 1,800 juu ya mshahara. Asiyegawanya kwa 225 bali kwa saa alizofanya mwezi mzima hujipunja mwenyewe, maana kadiri alivyofanya kazi zaidi ndivyo saa yake inavyokuwa rahisi.

Sikukuu ya kitaifa, kama ilivyo siku ya mapumziko, hulipwa mara mbili. Hapa zamu ya usiku huleta utata, kwa kuwa inavuka tarehe. Jamhuri Dei ya 2025 iliangukia Ijumaa, tarehe 12 Desemba. Aliyeingia Alhamisi jioni alifanya saa sita za sikukuu, kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Akirudi Ijumaa jioni, anaongeza saa sita nyingine hadi saa 6 usiku. Jumla ni saa 12, kila moja kwa shilingi 200, yaani 2,400. Mwajiri anayehesabu kwa siku ya kuingia kazini atamlipa zamu ya Ijumaa peke yake, na hapo hesabu ya saa itafanana kwa bahati tu. Aliyefanya usiku wa Alhamisi kisha Ijumaa akawa ofu ndiye atakayepoteza saa zake sita. Sikukuu ikiangukia Jumapili, siku ya kwanza inayofuata ambayo si sikukuu tayari ndiyo inayokuwa sikukuu.

Kuhusu mapumziko kati ya zamu, Sheria ya Ajira haikutaja idadi ya saa. Inachodai ni angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kwa hiyo kinga ya kweli dhidi ya kuunganishiwa zamu ni lile dari la 144. Mwenzako wa mchana asipofika ukaambiwa ushikilie hadi saa 6 mchana, umefikisha saa 18, na ratiba iliyokuwa imejaa imevunjika usiku huo huo. Kukulipa saa hizo sita hakuifanyi ratiba kuwa halali. Msimamizi anayetaka nafasi ya dharura hana budi kupanga zamu tano badala ya sita, au kukupunguzia saa ndani ya wiki hizo mbili. Sahihi yako kwenye mkataba haiondoi viwango hivi, kwani ni vya chini kabisa.

Angalia lakini kwamba walinzi, wafanyakazi wa hoteli na wa mashamba wana maagizo yao ya mishahara. Soma la sekta yako kwanza.

Mzozo ukifika kwa afisa wa kazi, kinachoangusha madai mara nyingi ni kukosa tarehe. "Nilifanya ovataimu miaka miwili" haitoshi. Andika kila zamu kwenye daftari, tarehe na saa ya kuingia na kutoka, siku hiyo hiyo. Piga picha ratiba iliyobandikwa kabla haijabadilishwa, na hifadhi peislipu. Madai yanayotokana na mkataba wa ajira hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu, na mazungumzo na mwajiri hayasimamishi muda huo.