Mauzo Yamepungukia Bajeti: Soko Limesinyaa au Wateja Wamehamia Kwingine?

Kampuni ikiuza chini ya bajeti, idara ya mauzo kwa kawaida husema soko ni baya, na idara ya fedha husema mauzo hayasukumwi inavyotakiwa. Mara nyingi kila upande una kipande cha ukweli. Kazi ya hesabu mbili, tofauti ya ukubwa wa soko na tofauti ya sehemu ya soko, ni kupima vipande hivyo kimoja kimoja, kwa tani na kwa shilingi, ili mjadala uwe juu ya kitu kinachohesabika.

Tuchukue kiwanda cha saruji nchini Kenya, kwa takwimu za mfano za robo moja ya mwaka. Bajeti ilidhani nchi nzima itatumia tani 2,000,000, na kiwanda kitashika asilimia 12 ya soko hilo, yaani tani 240,000. Robo ilipokwisha, nchi ilikuwa imetumia tani 1,800,000 na kiwanda kilikuwa kimeuza tani 198,000, ambazo ni asilimia 11. Pengo ni tani 42,000.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: kama kiwanda kingeshika asilimia 12 yake ileile katika soko hili lililopungua, kingeuza kiasi gani? Asilimia 12 ya 1,800,000 ni tani 216,000. Namba hii haimo kwenye bajeti wala kwenye vitabu vya mauzo, lakini ndiyo inayoligawa pengo. Kutoka 240,000 kushuka hadi 216,000 ni tani 24,000, na hizo zimepotea kwa sababu soko lenyewe limesinyaa. Kutoka 216,000 kushuka hadi 198,000 ni tani 18,000, nazo zilinunuliwa na wajenzi kama kawaida, ila kutoka kwa mshindani.

Kanuni zake ni hizi:

```
Tofauti ya ukubwa wa soko = (soko halisi − soko la bajeti) × sehemu ya bajeti × mchango wa bajeti
Tofauti ya sehemu ya soko = soko halisi × (sehemu halisi − sehemu ya bajeti) × mchango wa bajeti
```

Mchango ni kile kinachobaki kwenye bei ya tani moja baada ya kutoa gharama zinazopanda na kushuka pamoja na mauzo: klinka inayosagwa kuwa saruji, mifuko, umeme wa kusagia, usafirishaji. Tuseme bajeti iliweka mchango wa Sh125 kwa mfuko wa kilo 50. Tani moja ni mifuko 20, kwa hiyo mchango ni Sh2,500 kwa tani. Kusinyaa kwa soko kumegharimu Sh milioni 60, na kupungua kwa sehemu ya soko kumegharimu Sh milioni 45. Jumla ni Sh milioni 105, sawasawa na tani 42,000 mara Sh2,500. Jumla isipolingana namna hii, kuna kosa mahali.

Tumia mchango wa bajeti, si ule uliopatikana. Ukitumia wa halisi, mabadiliko ya bei na ya gharama yataingia humu, ilhali yana tofauti zake zinazohesabiwa kando. Kiwanda kikiuza aina kadhaa, kwa mfano saruji ya daraja la nguvu la 32.5 na la 42.5, tumia wastani wa mchango uliopimwa kwa mchanganyiko wa mauzo wa bajeti. Athari ya wateja kuhamia aina moja na kuacha nyingine nayo huhesabiwa peke yake.

Kosa linalorudiwa sana ni kuhesabu sehemu ya soko kwa soko la bajeti: 2,000,000 mara upungufu wa asilimia 1, sawa na tani 20,000. Ukijumlisha na zile 24,000 unapata 44,000, tani 2,000 zaidi ya pengo lililopo. Tani hizo 2,000 ni za soko ambalo halikutokea kabisa. Huwezi kumdai mtu wa mauzo tani ambazo hakuna mjenzi aliyezinunua popote, na ndiyo maana kanuni ya pili inaanza na soko halisi.

Lakini udhaifu mkubwa wa hesabu hii uko kwenye namba ya soko lenyewe. Tani ulizouza unazijua kutoka kwenye ankara zako. Soko zima unalipata kwa wengine. Kwa saruji Kenya ina bahati, maana Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS) huchapisha uzalishaji na matumizi ya saruji ya kila mwezi. Hata hivyo takwimu hizo hutoka zikiwa zimechelewa, na za awali zinaweza kurekebishwa baadaye. Tuseme soko la robo ile lilirekebishwa likawa tani 1,900,000. Kwa asilimia 12, kiwanda kingetakiwa kuuza 228,000. Sasa soko linabeba tani 12,000 tu za lawama, na sehemu ya soko inabeba 30,000. Pengo bado ni 42,000, hakuna mfuko hata mmoja uliobadilika ghalani, ila hukumu imegeuka. Kwa hiyo kabla ya kupeleka ripoti kwenye kikao, rudia hesabu kwa namba mbili au tatu za soko zinazowezekana. Kama mzigo mkubwa unahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, sema hivyo ndani ya ripoti.

Hakikisha pia unalinganisha vitu vya aina moja. Takwimu ya matumizi ya nchi haihusishi mzigo unaovuka mpaka, kwa hiyo tani zilizouzwa Uganda lazima zitolewe kwenye mauzo yako kabla ya kugawanya. Usipozitoa, sehemu yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kuna pia suala la mawakala: mwisho wa robo, punguzo likiwashawishi kujaza maghala yao, mauzo ya kiwanda yatapanda na sehemu ya soko itapendeza, kisha robo inayofuata itaporomoka bila mteja wa mwisho kubadili chochote. Dalili yake ni maagizo kurundikana wiki ya mwisho ya robo, na wiki za kwanza za robo mpya kuwa kavu.

Mwisho, tofauti ya sehemu ya soko inaonyesha kilichopotea, haimtaji aliyekipoteza. Rudi kwenye zile tani 18,000 za mfano wetu wa kwanza. Fungua kitabu cha maagizo uone yaliyopokelewa lakini hayakutimizwa, pamoja na tarehe zake. Tuseme tanuri la klinka lilisimama kwa matengenezo yasiyopangwa, ghala la klinka likaisha, na katika siku hizo maagizo ya tani 11,000 yakafutwa kwa kukosa saruji ya kupakia. Wateja walikuja, mzigo haukuwepo. Tani hizo ni swali la uzalishaji, na kwa Sh2,500 ni Sh milioni 27.5 za kuweka kwenye mizani unapoamua kama vipuri vya tanuri vinunuliwe mapema. Zilizobaki, tani 7,000, ndizo za kuulizia mauzo: ni kaunti gani zimepungua, bei ya mshindani pale ni ipi, na ni mawakala gani wameacha kuagiza.